Asilimia ya Kifurushi na Asilimia ya Siku: Je, Data Yako Itafika Mwisho wa Mwezi?



Miongoni mwa maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wananchi, lipo moja ambalo huonekana dogo, nalo ni hili: "Nimeambiwa nimetumia asilimia hamsini na tano ya kifurushi changu. Je, hiyo ni nyingi au ni kidogo?" Jibu letu la kwanza huwa ni swali jingine: "Ulikinunua lini?" Mtu aliyetumia asilimia 55 katika siku ya 20 ya kifurushi cha siku 30 anakwenda vizuri. Aliyetumia asilimia hiyo hiyo katika siku ya 12 atakwama kabla ya muda wake kuisha. Takwimu ni moja, lakini hali za watu hawa wawili hazifanani.

Leo tunataka kueleza namna ya kusoma asilimia hiyo, namna ya kujua mapema iwapo kifurushi kitafika mwisho, na nini cha kufanya pale hesabu inapoonyesha kwamba hakitafika. Hakuna hesabu ngumu ndani yake. Kinachohitajika ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Asilimia mbili, si moja

Kila kifurushi cha mwezi kina vitu viwili vinavyopungua kwa pamoja: uniti za data na siku za matumizi. Ujumbe wa mtoa huduma aghalabu hututajia asilimia ya uniti zilizotumika. Asilimia ya siku zilizopita hutubidi tuitafute wenyewe, na kwa sababu hiyo wengi huisahau.

Tumchukue fundi cherehani wa Temeke kuwa mfano wetu. Fundi huyu hupokea oda kwa WhatsApp: wateja humtumia picha za mitindo, naye huwatumia picha za vitambaa na nguo zilizokamilika. Tarehe 6 Juni, saa mbili asubuhi, alinunua kifurushi cha GB 10 cha siku 30. Kifurushi hicho kitakoma tarehe 6 Julai, saa mbili asubuhi. Tarehe 18 Juni, katika saa ile ile, aliangalia salio akakuta ametumia GB 5.5, yaani asilimia 55, na amebakiwa na GB 4.5.

Siku zilizopita ni 12 kati ya 30. Gawanya 12 kwa 30, kisha zidisha kwa 100. Utapata asilimia 40. Tayari jambo limeonekana: data imekwenda asilimia 55 ilhali siku zimekwenda asilimia 40 tu. Asilimia ya data inapoitangulia asilimia ya siku, kifurushi kinatumika kwa kasi kuliko muda wake. Zikilingana, kitaisha siku yake ya mwisho. Asilimia ya data ikiwa nyuma, kitabaki.

Sasa tujue kitaisha lini. Fundi ametumia GB 5.5, sawa na MB 5,500, kwa siku 12. Kwa wastani ametumia takriban MB 458 kwa siku. MB 4,500 zilizobaki, zikigawanywa kwa 458, zitamtosha siku tisa na sehemu kubwa ya siku ya kumi. Kwa maneno mengine, asipobadili chochote, data yake itakwisha usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni, siku nane kabla ya kifurushi kukoma.

Siku hizo nane si siku za kawaida kwake. Ni mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, wakati wa Maonyesho ya Sabasaba, ambapo wateja wake huagiza mashati na vitenge vya sare kwa ajili ya mabanda. Mteja anayetuma mtindo usiku na kukosa jibu mpaka kesho yake mchana huenda kwa fundi mwingine. Hasara nyingine ni ya fedha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kifurushi cha mwezi kilimgharimu shilingi 25,000, na kwamba kwa siku nane zilizobaki atalazimika kununua kila siku kifurushi kidogo cha shilingi 1,000. Atakuwa ameongeza shilingi 8,000, karibu theluthi ya bei ya kifurushi cha mwezi mzima. Vifurushi vidogo kwa kawaida huwa ghali zaidi kwa kila MB, na matumizi yasiyo na kifurushi chochote huwa ghali kuliko yote.

Chanzo ni cha mara moja au ni cha kila siku?

Baada ya kujua kwamba data haitatosha, watu wengi hukimbilia kuizima na kuiwasha kila saa. Njia hiyo huchosha na haidumu. Jambo la busara ni kutazama kwanza data imekwenda wapi, kwa sababu dawa ya upotevu wa mara moja si dawa ya matumizi ya kila siku.

Simu janja nyingi hutunza orodha ya programu na kiasi cha data ambacho kila moja imetumia. Orodha hiyo hupatikana katika mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao na matumizi ya data. Fundi wetu alipoifungua alikuta hivi kwa siku zake 12: YouTube GB 2.4, masasisho ya programu yaliyopakuliwa kupitia Play Store GB 1.6; WhatsApp GB 0.9, na programu nyinginezo kwa jumla GB 0.6.

Zile GB 1.6 za masasisho ni upotevu wa mara moja. Simu ilikuwa imeruhusiwa kusasisha programu kwa mtandao wowote, nayo ikafanya hivyo kimya kimya kwa usiku mmoja au miwili. Fundi hakuona chochote kwenye kioo, ila salio lilishuka. Aliingia katika mipangilio ya Play Store akachagua masasisho yapakuliwe kwa Wi-Fi pekee. Upotevu huo hautarudi.

Je, sasa data itatosha? Hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba tatizo limekwisha. Tuondoe GB 1.6 katika GB 5.5, matumizi yake ya kawaida kwa siku 12 yalikuwa GB 3.9, yaani MB 325 kwa siku. Data iliyobaki ni MB 4,500 na siku zilizobaki ni 18. Ukigawanya, anachoweza kutumia bila kukwama ni MB 250 kwa siku. Bado anazidisha MB 75 kila siku, na kwa mwendo huo data itakwisha siku nne hivi kabla ya wakati.

Kwa hiyo akapeleka macho kwenye matumizi ya kila siku. WhatsApp hutumia MB 75 kwa siku, nayo ndiyo kazi yake, hapo hakugusa. YouTube hutumia MB 200 kwa siku, ambazo kwake ni sawa na nusu saa ya video kwa ubora wa 480p. Mtoto wake hutazama masomo na yeye hutazama mitindo ya ushonaji. Hakukata nusu saa ile. Aliushusha ubora wa video mpaka 240p, na matumizi ya nusu saa ile ile yakashuka kufikia takriban MB 100. Kwenye kioo cha simu maandishi ya mwalimu yalipungua ung'avu lakini yalisomeka. Matumizi yake mapya yakawa MB 100 za video, MB 75 za WhatsApp na MB 50 za mengineyo, jumla MB 225 kwa siku, chini ya kikomo cha MB 250.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hujinyima ujumbe na picha ndogo ndogo huku video ikiendelea kumeza data. Katika mfano wetu, video ilikuwa zaidi ya nusu ya matumizi ya kawaida ya kila siku. Aghalabu hapo ndipo pa kuanzia. Programu za video fupi zinazojicheza zenyewe kila unapotelezesha kidole nazo zitazamwe kwa jicho hilo hilo, maana mtazamaji hahisi kwamba anapakua kitu.

Ujumbe wa asilimia 75

Hapa Tanzania, kanuni ndogo za vifurushi zilizoanza kutumika Aprili 2021 zinamtaka mtoa huduma kumtaarifu mtumiaji pale matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100. Wengi huupokea ujumbe wa asilimia 75, huufuta, kisha huendelea na shughuli zao. Tunawaomba msiufute kabla ya kuufanyia hesabu moja fupi.

Hesabu siku zilizopita tangu uliponunua kifurushi, kisha zigawe kwa tatu. Jibu ni idadi ya siku ambazo data iliyobaki itakutosha kwa mwendo ule ule. Sababu yake ni nyepesi: robo tatu ya kifurushi imekwisha na robo moja imebaki, na robo moja ni theluthi ya robo tatu. Ujumbe ukifika siku ya 15, gawa kwa tatu, unapata siku tano. Data itakwisha siku ya 20. Ukifika siku ya 18, umebakiwa na siku sita. Data itakwisha siku ya 24. Kwa kifurushi cha siku 30, ujumbe unaofika mchana wa siku ya 23 au baada yake ni habari njema.

Hata hivyo, tuseme ukweli kuhusu ujumbe huo: kwa mtu anayetumia kwa kasi, huja akiwa amechelewa. Aliyeupata siku ya 15 amekuwa akitumia asilimia 5 kwa siku. Ili robo iliyobaki imfikishe siku ya 30, inambidi atumie chini ya asilimia 1.7 kwa siku, yaani theluthi ya mazoea yake. Ni wachache wanaoweza kujibana kiasi hicho. Ndiyo maana tunashauri kila mtu ajiwekee siku yake ya ukaguzi, na siku ya 10 ni nzuri. Siku ya 10 ni theluthi ya muda. Data iliyotumika isizidi theluthi, yaani asilimia 33. Ikiwa imefika asilimia 40 au 45 bado kuna nafasi ya kusahihisha kwa hatua ndogo, kama alivyofanya fundi wetu siku ya 12.

Kuna tahadhari moja kuhusu kanuni ya kugawa kwa tatu. Hutumia wastani wa tangu mwanzo wa kifurushi, hivyo hudanganya pale mwendo unapobadilika katikati. Fundi wetu, kwa mwendo wake mpya wa MB 225, atapata ujumbe wa asilimia 75 katika siku ya 21. Akigawa 21 kwa tatu atapata saba, na kudhani kwamba ataishiwa siku ya 28. Ukweli ni kwamba atakuwa na MB 2,500, ambazo kwa MB 225 kwa siku zinatosha siku 11, na siku zilizobaki ni tisa tu. Hatakwama. Kwa aliyebadili matumizi, kipimo sahihi ni mwendo wa siku nne au tano za mwisho. Chukua salio leo jioni, lichukue tena baada ya siku nne, toa, kisha gawa kwa nne. Hayo ndiyo matumizi yako ya sasa.

Pale takwimu mbili zinapopingana

Mara nyingine wananchi hutuletea malalamiko kwamba simu inasema hivi na mtoa huduma anasema vile. Kabla ya kumtuhumu yeyote, tuangalie sababu tatu za kawaida.

Sababu ya kwanza ni tarehe ya kuanza kuhesabu. Simu nyingi huhesabu data kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa kalenda, ilhali kifurushi huanza saa uliyokinunua. Simu ya fundi, isiporekebishwa, tarehe 18 Juni ingejumlisha pia matumizi ya tarehe 1 hadi 6, ambayo ni ya kifurushi kilichotangulia. Ndani ya mipangilio ya matumizi ya data kuna mahali pa kubadili siku ya kuanza mzunguko. Weka tarehe uliyonunua kifurushi. Mwenye laini mbili ahakikishe anasoma hesabu ya laini yenye kifurushi.

Sababu ya pili ni kwamba kifurushi kimoja huweza kuwa na mafungu. Sehemu moja ni ya kutumika wakati wowote, nyingine ni ya usiku pekee, au ya mitandao ya kijamii pekee. Mtu anaweza kuwa na nusu ya uniti zote na bado akashindwa kutuma barua pepe saa nne asubuhi, kwa kuwa kilichobaki ni cha usiku. Kila fungu lina asilimia yake. Hesabu tuliyoieleza ifanyike kwa fungu unalolitegemea kwa kazi, si kwa jumla.

Sababu ya tatu ni kipimo. Wako wanaohesabu GB moja kuwa MB 1,000 na wako wanaohesabu kuwa MB 1,024. Kwa GB 10 tofauti hiyo ni MB 240, kiasi kinachoweza kuonekana lakini kisichoweza kueleza kupotea kwa gigabaiti nzima.

Ukiondoa sababu hizo na bado una shaka, fanya jaribio la usiku mmoja. Kabla ya kulala zima data ya simu, subiri dakika chache, uliza salio kwa menyu ya mtoa huduma, na uutunze ujumbe wa majibu. Asubuhi, kabla ya kuwasha data, uliza tena. Kupungua kidogo kunaweza kutokana na matumizi ya mwisho yaliyochelewa kuingizwa katika hesabu. Lakini salio likishuka kwa mamia ya MB ilhali data ilikuwa imezimwa, una jambo la kulalamikia, na una ushahidi mkononi. Anza kwa mtoa huduma wako, taja tarehe, saa na salio zote mbili, na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika, lilete kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo. Lalamiko lenye tarehe na takwimu hushughulikiwa kwa urahisi. Lisemalo tu kwamba "data inaibwa" hutulazimu kurudi kukuuliza upya.

Siku za mwisho

Tumezungumza zaidi kuhusu data inayokwisha mapema. Iko hasara ya upande wa pili: kifurushi kukoma huku uniti zimebaki. Ukifika siku ya 24 ukiwa umetumia asilimia 50 tu, ulilipia zaidi ya unachohitaji. Kanuni hizo hizo tulizozitaja zinamwezesha mtumiaji kuendelea kutumia uniti zilizobaki endapo atanunua tena kifurushi kile kile kabla ya muda kuisha. Maneno ya kuzingatia ni mawili: kifurushi "kile kile", na "kabla". Anayenunua saa moja baada ya kifurushi kukoma, au anayenunua cha aina nyingine, asitegemee uniti zake za zamani. Kwa hiyo andika siku na saa ya kununua, maana kifurushi kilichonunuliwa saa mbili asubuhi hukoma saa mbili asubuhi, si usiku wa manane. Na ikiwa kila mwezi unabakiwa na nusu, chukua kifurushi kidogo zaidi mwezi ujao.

Tumrudie fundi wetu. Tarehe 18 Juni alikuwa na asilimia 45 na siku 18, yaani asilimia 2.5 kwa siku. Aliandika ukutani, pembeni ya cherehani, kikomo kimoja tu: tarehe 26 Juni, zikiwa zimebaki siku 10, salio lisiwe chini ya asilimia 25. Siku hiyo, akitumia MB 225 kwa siku, atakuta asilimia 27. Akikuta 27, aendelee na kazi zake za Sabasaba bila wasiwasi. Akikuta 20, bado ana siku 10 za kurekebisha, na anajua aanzie wapi.

Nanyi mkirudi nyumbani, ulizeni salio, hesabuni siku, kisha linganisheni asilimia hizo mbili.